Kusahihisha Karatasi za Kusiliba kwa Picha za Simu: Alama Hafifu, Majibu Mawili na Madoa

Mtahiniwa wa darasa la saba nchini Tanzania husiliba majibu kwenye fomu ya OMR kwa penseli ya HB, na fomu hiyo husomwa na mashine inayomulika kila karatasi kwa mwanga ule ule. Shule na kata zinazoendesha mitihani ya utamilifu mara nyingi hazina mashine hiyo. Walimu wake hupiga picha za karatasi kwa simu na kuiachia programu ya kompyuta izisome. Njia hii inafaa, ila mwanga wa picha hubadilika toka karatasi moja hadi nyingine, na hata toka pembe moja ya karatasi hadi nyingine. Weusi ule ule wa penseli unaweza kusomeka kama jibu dirishani na kama uchafu mdogo mezani.

Kwa hiyo msingi wa kazi hii ni mmoja: alama ya mtahiniwa ipimwe kwa kulinganishwa na karatasi yake mwenyewe, na pale programu inapokuwa na shaka, swali liende kwa binadamu mwenye karatasi halisi mkononi.

Upigaji picha ndio unaoamua ugumu wa hatua zinazofuata. Karatasi ilazwe bapa, alama nne nyeusi za pembeni zionekane zote, na mpigaji asimame mahali ambapo mwili wake na simu havikingi mwanga. Taa ya simu izimwe. Risasi ya penseli hung'aa, na kiduara kilichosilibwa kwa nguvu chini ya taa ya simu kinaweza kurudisha mwanga na kuonekana cheupe kuliko kilichosilibwa kidogo. Kosa hili ni baya kwa sababu humwadhibu mtahiniwa aliyefuata maelekezo vizuri zaidi. Picha zihamishwe zikiwa faili halisi; zikitumwa kama picha za kawaida kwenye vikundi vya ujumbe, hubanwa na kingo za alama hufifia.

Programu hunyoosha picha kwa kutumia zile alama nne, husawazisha mwanga, kisha hukipa kila kiduara namba ya weusi kuanzia 0 hadi 100. Kiduara kitupu hakisomeki 0, kwa kuwa kina mzingo na herufi iliyochapwa ndani. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuweka mpaka mmoja, tuseme 40, kwa watahiniwa wote. Mtoto mwenye mkono mwepesi hupata sifuri katika maswali aliyoyajibu.

Njia iliyo salama huanzia kwenye karatasi yenyewe. Mtihani wa maswali 40 yenye herufi A hadi E una viduara 200. Hata mtahiniwa akijibu yote, 160 hubaki vitupu. Namba zote 200 zikipangwa kwa ukubwa, ile ya katikati ni ya kiduara kitupu. Kisha huchukuliwa namba kubwa kuliko zote katika kila swali, na namba 40 zinazopatikana hupangwa vivyo hivyo. Ile ya katikati huonyesha jinsi mtahiniwa huyu anavyosiliba. Mpaka huwekwa katikati ya viwango hivyo viwili, na kila upande wake huachwa eneo la shaka lenye upana wa robo ya tofauti yao.

Chukua karatasi ambayo viduara vitupu vinasoma 14 na alama za mtahiniwa zinasoma 34. Tofauti ni 20, mpaka ni 24, na eneo la shaka ni 19 hadi 29. Swali la 9 linasoma B 31, na herufi nyingine 13 hadi 15. Kwa mpaka wa 40 jibu hili lingepotea. Kwa kipimo cha karatasi yenyewe ni B bila ubishi.

Swali la 17 linasoma C 33 na D 22. D imeangukia kwenye shaka. Programu isichague C kwa sababu tu ndiyo nyeusi zaidi, wala isilifute swali kwa kudai kuna majibu mawili. Kwenye karatasi halisi, alama iliyofutwa huacha nyuzi za karatasi zilizochubuka na weusi uliofifia sawasawa hadi nje ya mzingo. Dalili hizo zikiwapo kwenye D, jibu ni C. Zikikosekana, D ni alama hafifu ya kweli na swali lina majibu mawili.

Swali la 26 linasoma A 35 na E 34. Hakuna kilichofutwa. Halipewi alama, hata kama mojawapo ni jibu sahihi, kwani aliyechagua mawili hajachagua.

Swali la 31 linasoma A 25, B 45, C 24, D 26 na E 25. Viduara vyote vitano vimefika mpaka au kuuvuka, jambo ambalo karibu daima ni doa: jasho la kiganja au ufutio mchafu. Ili kuthibitisha, hupimwa karatasi nyeupe inayozunguka kila kiduara. Mahali pasafi pa karatasi hii husoma 3. Hapa panasoma 14. Doa limeongeza 11 kila mahali. Likitolewa, B inabaki 34 na nyingine zinarudi karibu na 14. Hesabu hii hufaa tu pale doa lilipotanda sawasawa, na uamuzi bado uthibitishwe kwa jicho.

Kipimo hiki kina mwisho wake. Mtahiniwa aliyeacha zaidi ya nusu ya maswali huvuruga kiwango cha pili, kwa kuwa namba ya katikati huwa ya kiduara kitupu. Tofauti ya viwango viwili ikiwa chini ya 10, karatasi nzima isahihishwe kwa mkono.

Maswali ya shaka yaamuliwe na wasahihishaji wawili, kila mmoja peke yake, bila kuwa na orodha ya majibu sahihi mbele yao. Anayejua kuwa jibu ni C ataiona C, hata akiwa mwadilifu. Wakitofautiana, msimamizi aamue, naye pia bila orodha hiyo. Daftari liandikwe namba ya mtahiniwa, swali, namba zilizosomwa, uamuzi na saini. Kukoleza alama hafifu ya mtahiniwa ili mashine iisome ni kosa la kimaadili kwa nia yoyote, maana huharibu ushahidi pekee uliopo. Kanuni zikibadilishwa katikati ya kazi, karatasi zote zisomwe upya, zikiwemo zilizokwisha kutangazwa.

Kabla ya matokeo kutoka, karatasi 30 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zisahihishwe kwa mkono na kulinganishwa na programu jibu kwa jibu. Kulinganisha jumla hakutoshi: jibu moja lililoongezwa kimakosa hulifunika lililopotea, na 28 ikabaki 28. Tofauti yoyote ambayo programu haikuitilia shaka ni sababu ya kusimamisha kazi hadi chanzo chake kijulikane.

Karatasi, picha na daftari vihifadhiwe pamoja hadi muda wa rufaa uishe. Mzazi au mtahiniwa anayeuliza alama zake ana haki ya kuonyeshwa vyote vitatu.