Dondoo muhimu: malkia wanane, ubao mmoja

Butembo au Beni, punje nane za kahawa na ubao wa dama vinatosha. Ubao ukiwa wa miraba 100, funika safu mbili na mistari miwili, ubaki 8 kwa 8. Kila punje ni malkia; lengo ni kuwapanga wote wanane bila wawili wowote kushambuliana.

Malkia hushika mstari wake, safu yake na mishazari yote. Kwa hiyo kila safu itabeba malkia mmoja tu, na jibu zima linaandikika kwa tarakimu nane: namba ya mstari kwa kila safu, kuanzia kushoto.

Mshazari usiupime kwa jicho, macho hudanganya. Jumlisha safu na mstari, kisha toa safu kwenye mstari. Malkia wawili wakilingana kwa jumla au kwa tofauti, wanashambuliana.

Jaribu 1, 3, 5, 2, 4. Safu ya sita imebakiwa na mistari 6, 7 na 8. Tofauti zake ni 0, 1 na 2, nazo zimeshachukuliwa na malkia watatu wa kwanza. Usivuruge ubao wote! Rudi safu ya tano, umpeleke malkia kwenye 8. Ya sita bado imefungwa, basi rudi hadi ya nne. Ukiendelea hivyo bila kuruka nafasi, utafika 1, 5, 8, 6, 3, 7, 2, 4.

Majibu yote ni 92. Ukihesabu yanayozungushwa au kugeuzwa kama kwenye kioo kuwa jibu moja, yanabaki 12.