Mstari Ulio Kando ya Msimbo: Namna ya Kuieleza Ofa ya Msimu kwenye Bango

Msimu wa masika unapokaribia, kuta za stendi na milango ya maduka ya pembejeo hujaa mabango ya ofa. Mengi ya mabango hayo siku hizi yana msimbo wa mraba, yaani ule mraba wenye vidoti vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu. Kando ya msimbo huandikwa mstari mmoja, na mara nyingi mstari huo husema: “Ofa kabambe ya masika! Skani hapa ujue zaidi.” Somo la toleo hili linawahusu wenye maduka, nalo linahusu mstari huo peke yake.

Kasoro ya mstari tuliounukuu ni kwamba unamtaka mpita njia afanye kazi kabla ya kuambiwa ujira. Atoe simu, afungue kamera, atumie bando lake, asubiri ukurasa ufunguke, ndipo ajue kama jambo lenyewe linamhusu. Mwenye simu ya vitufe hawezi hata kuanza. Kuna pia sababu ya karibu zaidi inayowafanya watu wasite: wengi wetu tumeuzoea mraba huu kwenye vibao vya Lipa Namba, mahali ambapo kuskani ni hatua ya kwanza ya kutoa pesa. Asiyeambiwa msimbo unafanya nini ana haki ya kuuogopa.

Kwa hiyo kanuni tunayoipendekeza ni hii: ofa yote ikae ndani ya maneno, na msimbo ubaki na kazi ndogo inayotajwa wazi. Mtu asiyeskani kabisa aondoke akijua atapata nini, atatoa nini, na mwisho ni lini.

Tuchukue mfano wa duka linalouza mbegu ya mahindi katika mifuko ya kilo 2. Bei ya mfano iwe shilingi 15,000 kwa mfuko. Mwenye duka anataka kumpa mfuko mmoja wa ziada kila atakayelipia minne. Ameweka kando mifuko 200 kwa ajili ya ofa hiyo, na itaisha tarehe 10 Machi.

Jambo la kwanza ni kuitaja faida kwa kipimo ambacho mkulima hukitumia. Shambani mtu huhesabu ekari. Kwa kawaida ekari moja ya mahindi huhitaji kilo 8 hadi 10 za mbegu, kutegemea nafasi ya upandaji. Mifuko mitano ya kilo 2 ni kilo 10, yaani mbegu ya ekari moja. Maneno “mbegu ya ekari moja” yana uzito kuliko “ofa kabambe”, kwa kuwa mkulima anaweza kuyapima dhidi ya shamba lake papo hapo aliposimama.

Jambo la pili ni hesabu ya punguzo, na hapa wengi huteleza. Mteja analipa shilingi 60,000 na kuchukua mali ya shilingi 75,000. Ameokoa 15,000. Wapo watakaogawanya 15,000 kwa 60,000 na kuandika “punguzo la asilimia 25”. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu punguzo hupimwa kwa bei ya awali: 15,000 kwa 75,000 ni asilimia 20. Kuitia chumvi bei si suala la adabu tu, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kauli za kupotosha kuhusu bei. Njia salama, na kwa maoni yetu iliyo bora, ni kuacha asilimia kabisa na kuandika shilingi. Asilimia humtaka mtu apige hesabu akiwa njiani, ilhali shilingi anazo mfukoni.

Neno “bure” nalo litumiwe kwa uangalifu. “Mfuko mmoja bure!” kwa herufi kubwa, kisha “ukilipia minne” kwa herufi za kuchungulia, ni maneno yanayomleta mtu dukani akiwa na nauli ya kurudia tu. Sharti na zawadi vikae katika sentensi moja na kwa herufi za ukubwa mmoja: lipia minne, chukua mitano.

Jambo la tatu ni mpaka. Mifuko 200 ikigawanywa kwa mitano hutosha wateja 40, na idadi hiyo lazima itajwe, maana anayetoka kijiji cha mbali na kumkuta mteja wa 41 akiwa yeye mwenyewe hatasikiliza maelezo. Tarehe nayo iandikwe pamoja na saa. “Hadi 10 Machi” huacha swali kama siku hiyo imo au haimo. “Mwisho 10 Machi, saa 12 jioni” halina shaka.

Mstari wetu sasa unasomeka hivi:

“Mbegu ya mahindi ya ekari moja: lipia mifuko 4 ya kilo 2, chukua 5. Shilingi 60,000 badala ya 75,000. Wateja 40 wa kwanza. Mwisho 10 Machi, saa 12 jioni.”

Chini ya msimbo, kwa herufi ndogo kiasi: “Skani uone kama mbegu bado ipo. Hakuna malipo; bando lako litatumika kidogo.”

Hiyo ndiyo kazi halali ya msimbo: kueleza kile ambacho karatasi haiwezi kukijua, yaani hali ya leo. Idadi iliyobaki hubadilika kila siku, na bango likishachapwa halibadiliki. Vivyo hivyo, anwani iliyomo ndani ya msimbo haibadiliki baada ya kuchapwa, hivyo ielekezwe kwenye ukurasa ambao mwenye duka anaweza kuuhariri mwenyewe. Baadhi ya huduma za kutengeneza misimbo bila malipo huizima baada ya muda, na mwenye bango hujua pale tu wateja wanapolalamika. Ukurasa wenyewe ufunguke kwa maneno yale yale ya bangoni, kwani anayekuta sentensi tofauti hudhani amepotea, au ametegwa.

Ukubwa wa msimbo hufuata umbali. Kwa makadirio yanayotumika sana, upana uwe sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji: anayesimama mita moja anahitaji msimbo wa sentimita 10. Uzungukwe na ukingo mweupe, na maandishi yasiuguse, la sivyo kamera hushindwa kujua unapoanzia. Karatasi ya plastiki inayong'aa juani huuziba vilevile. Ujaribuni kwa simu ya bei nafuu, bango likiwa limekwisha kutundikwa, saa ya jua kali. Mara kwa mara ukaguliwe pia kwa kidole, kwani matapeli hubandika msimbo wao juu ya ule halali.

Mstari nao ujaribiwe. Mwiteni mtu asiyeijua ofa, mfunike msimbo kwa kiganja, na baada ya kusoma mara moja aeleze atapata nini, kwa kiasi gani, na mpaka lini. Akiuliza swali lolote, jibu la swali hilo ndilo neno lililokosekana kwenye bango.

Mteja wa 40 akihudumiwa mapema, ukurasa ubadilishwe saa ile ile na kibandiko “Imekwisha” kiwekwe juu ya bango. Tarehe 11 Machi asubuhi bango liondolewe, pamoja na nakala zilizobaki stendi.