Sufuria moja kwa Kwaresima mbili

Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mworthodoksi, na jikoni kwetu Dar es Salaam mpishi ni mimi. Kwaresima ikifika, swali la kila siku ni hili: nitapika nini tukile wote wawili bila mmoja kuvunja mfungo wake?

Upande wangu sheria ni chache. Ijumaa zote za Kwaresima na Jumatano ya Majivu hatuli nyama, kuanzia umri wa miaka 14. Nyama ni ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku na jamaa zao. Samaki, mayai na maziwa vinaruhusiwa, hata mafuta ya mnyama yakitumika kuungia mboga. Kufunga kwenyewe ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Siku hizo unakula mlo mmoja wa kushiba, na mara mbili nyingine unaonja kidogo, ila vidogo hivyo ukivijumlisha visifikie mlo kamili. Mimi asubuhi nakunywa chai na kipande cha muhogo wa kuchemsha, mchana ndizi mbivu moja, jioni ndiyo nakula ugali na maharage. Katikati sitafuni kitu, ila maji nakunywa. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi.

Kwa mume wangu mambo ni mazito zaidi. Nyama anaiacha wiki nzima kabla ya mfungo wenyewe kuanza, kisha kuanzia Jumatatu Safi anaacha mayai, maziwa, jibini, siagi na samaki, hadi Pasaka. Siku za kazi anaacha pia divai na mafuta, na hivyo viwili vinarudi Jumamosi na Jumapili, isipokuwa Jumamosi Kuu, ambayo haina mafuta. Samaki anawala mara mbili tu: tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, na Jumapili ya Matawi. Kuhusu mafuta, wapo wanaosema yanayokatazwa ni ya zeituni peke yake, na wapo wanaoacha mafuta yote. Sisi tunafuata alivyotuelekeza padre wake: mafuta yote hapana, ila nazi na karanga ruksa.

Wengi wanakwama kwenye dagaa. Kwangu Ijumaa dagaa ni halali kabisa. Kwa mume wangu hapana, kwa sababu samaki anayekatazwa ni yule mwenye uti wa mgongo, na dagaa hata awe mdogo vipi anao. Pweza, ngisi na kamba hawana, kwa hiyo anawala. Ndiyo maana Ijumaa naamkia soko la Feri kutafuta pweza.

Pweza wa kilo moja namsafisha, namweka kwenye sufuria bila maji na bila mafuta, nafunika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, na hayo ndiyo yatakayomwivisha. Baada ya kama dakika 45 namchoma kwa uma kwenye unene wa mkia. Uma ukipita bila kung'ang'ania, ameiva. Namkata vipande, naongeza kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na tangawizi, vyote viive kwenye mchuzi wake, maana hapa hakuna kukaanga. Nazi mbili nazikuna, natia tui jepesi kwanza, na tui zito mwishoni. Tui zito likishaingia nakoroga bila kuacha, nikiona linaanza kuchemka naepua, vinginevyo linakatika. Tunakula na wali wa maji na chumvi. Siku ambayo pweza bei imepanda, napika mchicha wa karanga kwa ugali, nao unatutosha vilevile.

Mfungo huvunjika zaidi kwa vitu visivyoonekana. Viungo vya mchuzi vya pakiti vingine vina unga wa nyama au kuku. Mkate na maandazi huwa na maziwa au mayai, na siagi ya mimea nyingine ina maziwa ndani yake. Nasoma karatasi ya pakiti kabla ya kununua, na maandazi nakanda mwenyewe kwa tui, nayakaanga Jumamosi, siku ambayo mafuta yanaruhusiwa. Chai ya asubuhi ni ya rangi.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka 2025 Pasaka zetu ziliangukia siku moja, tarehe 20 Aprili, na kupika kulikuwa rahisi. Mwaka 2027 mimi naanza tarehe 10 Februari na kusherehekea tarehe 28 Machi, wakati yeye anaanza tarehe 15 Machi na Pasaka yake ni tarehe 2 Mei. Pilau yangu ya Pasaka itamkuta amefunga wiki mbili tu. Kama nyumba yenu ni kama yetu, andikeni tarehe zote mbili ukutani kabla ya Februari, na suala la mafuta mmuulize padre wenu mapema.