Mahari, sendofu na harusi: mifuko mitatu isiyochanganywa

Nimekuwa mshenga mara nne na mweka hazina wa kamati za harusi mara nyingi zaidi. Katika miaka hiyo yote, ugomvi mkubwa kati ya wakwe nimeuona ukianzia mahali pamoja: pesa za mambo matatu tofauti zinazungumzwa kana kwamba ni jambo moja. Mahari hutoka kwa ukoo wa mwanamume kwenda kwa ukoo wa mwanamke. Sendofu ni sherehe ya upande wa binti kumuaga mtoto wao, na kwa kawaida wao ndio huigharamia. Harusi, yaani ukumbi, chakula na muziki wa siku yenyewe, kwa mazoea ya mijini Tanzania hubebwa na kamati ya upande wa bwana harusi kwa michango. Baba wa binti anaposema "hawa watu hawajatoa kitu", huwa anazungumzia mahari. Baba wa kijana anapojibu "tumetoa mamilioni", huwa anafikiria ukumbi. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaondoka wamekasirika.

Nitaeleza kwa mfano mmoja ambao naufahamu tangu barua ya posa hadi kamati ilipovunjwa. Kijana ni Mchaga wa Rombo, binti ni Mbondei wa Muheza, wote wanafanya kazi Dar es Salaam, wote Wakristo. Majina yao nayaacha.

Barua ya posa ilijibiwa kwa orodha: mahari shilingi 1,500,000, mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, beberu wa wajomba. Orodha ilipigwa picha ikatumwa kwa simu, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imefika kwa shangazi aliyeko Moshi, ambaye alisema binti anauzwa. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipotokea. Orodha ya mahari haitumwi kwenye kundi la wasapu. Inabebwa na mshenga, inasomwa mbele ya wazee wachache, na kila kitu kinaulizwa maana yake. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mama tumboni baada ya kujifungua. Anayeutoa anamshukuru mama kwa uzazi ule. Kilemba ni heshima ya baba aliyelea. Wazee wa Rombo walipoelezwa hivyo hawakuona tena bei, waliona mambo ambayo hata wao wanayo kwa majina mengine, maana kwao pia bibi hapewi mgongo na wajomba hawasahauliwi.

Baada ya maana, ndipo mshenga anauliza maswali ya vitendo. Ni kipi lazima kiletwe chenyewe, na kipi kinaweza kuwa fedha? Ni kipi lazima kifike kabla ya ndoa, na kipi kinaweza kubaki? Wazee wetu husema mahari haiishi, na katika jamii nyingi za kwetu kubakiza kitu si aibu, ni njia ya kuwafanya wakwe waendelee kutembeleana. Upande wa Muheza ulikubali: mkaja, kilemba na blanketi vije kwanza pamoja na shilingi 1,000,000, beberu na shilingi 500,000 vifuate. Yaliandikwa kwenye karatasi moja, wakatia sahihi mjomba wa binti na mshenga. Karatasi hiyo baadaye ilizima moto ambao nitausimulia.

Kwa familia za Kiislamu jambo hili lina mpaka ulio wazi zaidi. Mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, yeye ndiye anayeitaja na yeye ndiye anayeipokea. Kilemba, mkaja na mengineyo ya ukoo ni mila, na yaandikwe mbali na mahari ili mtu asije akala haki ya binti kwa jina la desturi.

Sasa tuje kwenye harusi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapoteketea. Gharama ya harusi huamuliwa na vitu viwili tu. Kuna gharama zisizobadilika hata wageni wakiwa wachache, na kuna gharama za kila kichwa. Katika mfano wetu ukumbi, mapambo, picha na video, mshereheshaji na muziki vilifikia shilingi milioni 9. Kila mgeni aligharimu shilingi 40,000: chakula 25,000 na vinywaji 15,000. Kwa wageni 300 hiyo ni milioni 12, jumla milioni 21.

Kamati iliwapa upande wa binti viti 50. Wao walitaka 120. Maneno yalikuwa makali; mama mdogo wa binti alisema wanaalikwa kama wapita njia kwenye harusi ya mtoto wao. Upande wa kijana nao waliona wakwe hawana shukrani, kwa kuwa viti vyote vilivyobaki vilikuwa na wenyewe: aliyechangia lazima apate kadi, na wengi walichangia kwa kadi ya watu wawili. Ilipofikia hapo niliomba tuache neno "heshima" kwa muda na tuzungumze viti. Tofauti ilikuwa watu 70, sawa na shilingi 2,800,000. Kiasi hicho kinazungumzika. Heshima iliyovunjika haina kiasi, na ndiyo maana watu wakianza nayo hawamalizi.

Tuliomba upande wa binti walete majina, si idadi. Majina yalipokuja, 40 walikuwa majirani na wanakwaya ambao sendofu ingewatosha, na wenyewe walilikubali hilo bila kubanwa. Waliobaki walikuwa 80, yaani 30 zaidi ya viti 50 vya mwanzo, shilingi 1,200,000. Familia ya binti ikatoa nusu, na kamati ikapata nusu ya pili kwa kupunguza mapambo. Ukiwa kwenye mvutano wa idadi, dai majina. Idadi hupanda kwa hasira, lakini jina lazima liwe na mtu.

Lipo jambo la ahadi, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikibaki na madeni ya ukumbi mwaka mzima baada ya keki kuliwa. Ahadi si fedha. Kamati ile ilikuwa na ahadi za shilingi milioni 20. Siku ya 21 kabla ya harusi, taslimu zilikuwa milioni 13. Uzuri ni kwamba katika kikao cha kwanza kabisa, pande zote mbili zikiwepo, tulikubaliana kwamba siku hiyo ndiyo siku ya hesabu, na tukaandika kitakachopunguzwa kwanza endapo pesa hazitatosha. Tuliongeza milioni 3 za familia ya kijana na 600,000 za familia ya binti, tukapata milioni 16.6. Kati ya milioni 7 za ahadi zilizobaki tulihesabu nusu tu, kwa kuwa katika kamati nilizokaa nusu ya ahadi za mwisho ndiyo huja kweli. Tukafika milioni 20.1, na bajeti mpya ilikuwa milioni 21.6. Pengo milioni 1.5.

Kilichoandikwa cha kupunguzwa kwanza kilikuwa vinywaji. Tulishuka kutoka 15,000 hadi 10,000 kwa kichwa, watu 330, ikaokoka milioni 1.65. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu uamuzi ulikuwa umefanyika miezi mitatu nyuma, wakati hakuna aliyekuwa na hasira. Kama tungeliamua usiku ule, kila upande ungesema mwenzake ndiye aliyelazimisha.

Moto niliousema uliwaka wiki moja kabla ya ndoa. Mjomba mwingine wa binti, ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo ya mahari, alifika kutoka Tanga na kusema bila beberu hakuna ndoa. Upande wa pili kijana mmoja akamjibu kwa ukali mbele ya watu. Mshenga alitoa ile karatasi, akaisoma, na mjomba aliyeitia sahihi akathibitisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema, katika kifungu cha 41, kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu ya mila ya mahari kutotimizwa. Lakini kuitaja sheria mbele ya mjomba aliyekosewa adabu kungekuwa kumwaga petroli. Kifungu hicho kiwatulize maharusi wanaoogopa kwamba ndoa yao itakuwa batili. Kisitumike kumnyamazisha mzee.

Kesho yake asubuhi mzee wa Rombo alikwenda mwenyewe na jani la sale. Kwa Wachaga anayekuja na sale amekuja kuomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Wabondei hawakuijua alama hiyo, hivyo mshenga alieleza kwanza, kisha mzee akalitoa jani. Mjomba alilipokea kwa mikono miwili, akasema beberu angeweza kusubiri.

Kuhusu mila za ukumbini, kilichosaidia ni kuzipangia dakika. Wachaga walitaka ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, aingizwe na kukatwa na maharusi. Mashangazi wa Muheza walitaka kumwingiza binti kwa ngoma na vigelegele kabla hajakaa. Kila jambo lilipewa dakika 15 kwenye ratiba ya mshereheshaji, naye akaelekezwa kueleza maana ya kila moja kwa sentensi mbili, ili wageni wa upande mwingine wasikae wakishangaa. Mila ambayo haikuandikwa kwenye ratiba ndiyo hukatwa muda ukiisha, na mwenye mila hukumbuka kwa miaka.

Siku ya nane baada ya harusi tulikaa kuvunja kamati, tukawaalika watu wawili wa upande wa binti. Hesabu ilisomwa kwa sauti, risiti zikapitishwa mkononi. Zilibaki shilingi 310,000. Kamati ilikubali zinunue beberu, na mshenga akapewa jukumu la kumpeleka Muheza pamoja na ile shilingi 500,000 mwisho wa mwezi.