Dondoo muhimu: Taka za wodini hadi shimo la majivu

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni za kawaida. Katika hospitali ya wilaya, hesabu hiyo huharibikia wodini: pamba yenye damu ikitupwa kwenye ndoo nyeusi ya makaratasi, ndoo nzima huhesabiwa kuwa ya maambukizi. Usiichambue kwa mkono. Yote iende kwenye mfuko wa njano.

Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Itumbukizwe pamoja na bomba lake kwenye boksi la usalama lililo karibu na anayechoma sindano, si mwisho wa wodi. Boksi lifungwe likijaa robo tatu. Ukiona sindano zinachungulia mdomoni, umechelewa, na usizisukume.

Kondo la nyuma lina maji mengi na hupoza tanuri la kuchomea taka, kwa hiyo liende kwenye shimo lake. Vichupa vilivyozibwa visichomwe, hulipuka. Moshi mweusi mara nyingi huonyesha tanuri limejazwa kupita kiasi au halijafika nyuzi 850 za Selsiasi. Majivu hubaki na sindano, basi yazolewe kwa koleo na glavu nene, yamwagwe kwenye shimo lenye mfuniko.