Mafunzo Niliyopata Nikivitafutia Vijiji Vituo vya Maji vya Njombe

Katika data za vituo vya maji ambazo Wizara ya Maji ilizikusanya na kuziweka wazi kwa kupitia Taarifa, zenye vituo 59,400 vya nchi nzima, hakuna halmashauri yenye vituo vingi kuliko Njombe: 2,503. Kila kituo kina longitudo, latitudo, kitongoji, kata, halmashauri na mkoa. Kijiji hakimo. Nilipotakiwa kupanga vituo hivyo kwa vijiji, nilidhani kitongoji kingenionyesha njia, lakini majina ya vitongoji yanayojirudia zaidi katika data hizo ni Madukani, Shuleni, Majengo na Kati, na hayo yamo kila pembe ya Tanzania. Zikabaki namba mbili za jipiesi. Kazi ni kuzigeuza namba hizo ziwe jina la kijiji.

1. Chora ramani kabla ya kuunganisha chochote

Njombe mjini ni karibu latitudo -9.33 na longitudo 34.77, Makambako ni karibu -8.85 na 34.83. Ukibadilisha nafasi za namba hizo mbili, Njombe inahamia baharini, magharibi ya Moroko. Ukidondosha alama ya kutoa, inaangukia magharibi mwa Ethiopia. Data za nchi nzima zina pia vituo 1,812 vyenye longitudo 0, maana yake havikupimwa, navyo huangukia Ghuba ya Guinea. Programu haitalalamika. Itatafuta kijiji kilicho karibu zaidi na nukta hiyo ya baharini na kukupa jina. Kwa hiyo weka ukomo wa umbali tangu mwanzo, na hakikisha longitudo inatangulia unapotengeneza nukta.

2. Pima kwa mita

Vitabu huonya kwamba ukitafuta kilicho karibu kwa kutumia digrii utapata kijiji kisicho sahihi. Huku kwetu kosa hilo ni dogo: kwenye latitudo ya Njombe, digrii moja ya longitudo ni kilomita 110 hivi, na ya latitudo ni 110 na nusu. Kitakachoshinda kwa digrii karibu kila mara kitashinda kwa mita pia. Sababu ya kweli ya kubadili ni ukomo wa umbali, kwani ukiandika 5000 huku ramani yako ikiwa ya digrii, umeruhusu dunia nzima. Njombe na Makambako zipo kwenye kanda ya UTM 36 Kusini, namba 32736.

3. Jua nukta ya kijiji ilitoka wapi

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Orodha ya majina ya mahali inayopatikana kwa urahisi ni ya GeoNames: faili la Tanzania lenye maelfu ya majina, kila jina na nukta yake. Sehemu kubwa ya nukta hizo ilisomwa zamani kwenye ramani za karatasi na kukadiriwa hadi dakika nzima. Utazitambua kwa desimali zake: .01667, .03333, .05, .06667. Zidisha latitudo kwa 60. Ikitoka namba kamili, au iliyokaribia sana kuwa kamili, nukta hiyo ni ya dakika.

Dakika moja ya latitudo ni karibu mita 1,840. Kukadiria hadi dakika nzima kunaweza kuisogeza nukta mita 920 kaskazini au kusini, na kiasi kama hicho mashariki au magharibi. Mshazari wake unafika mita 1,300. Sasa tuseme kituo kimoja kipo mita 1,400 kutoka kijiji A na mita 1,700 kutoka kijiji B, na nukta zote mbili ni za dakika. Tofauti ya mita 300 haina uzito wowote mbele ya kosa la mita 1,300 kila upande. Programu itaandika A bila wasiwasi, ilhali hakuna aliyethibitisha. Kituo kingine kiko mita 300 kutoka A na mita 4,000 kutoka B. Hicho ni cha kuaminika hata nukta zikiwa mbovu.

Tangu nielewe hilo, natafuta majirani wawili na si mmoja. `cKDTree` ya `scipy` hukupa wote wawili ukiiambia `k=2`. Tofauti ya umbali wao ikiwa ndogo kuliko makosa ya nukta zote mbili yakijumlishwa, naandika “haijulikani” na kutenga safu hiyo ikaulizwe kwa mtendaji wa kata.

4. Kilicho karibu sicho kinachomiliki

Kijiji cha Tanzania ni eneo lenye mpaka, halmashauri yake ya kijiji na ardhi yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nukta ni mahali jina lilipoandikwa kwenye ramani, mara nyingi ni penye shule au ofisi. Katika milima ya Njombe, kijiji huweza kunyoosha ardhi yake juu ya mgongo mrefu wa mlima, na chanzo cha maji kikawa bondeni, karibu zaidi na ofisi ya kijiji cha ng'ambo. Mstari ulionyooka hauoni bonde.

Makambako shida ni nyingine. Orodha hutoa nukta moja ya mji, ilhali ndani ya mji mna kata kama Mjimwema, Mwembetogwa, Lyamkena na Kitandililo. Nukta hiyo moja inameza mitaa yote ya katikati, na vituo vya pembezoni vinachukuliwa na vijiji jirani hata kama ni vya mji.

Dawa ni kutanguliza mipaka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilichora mipaka kwa ajili ya sensa ya 2012. Ilichorwa kwa kuhesabia watu, kwa hiyo usiitumie kuamua mgogoro wa ardhi, lakini kwa kazi hii inaishinda nukta. Ukaribu unabaki kwa vituo vilivyokosa mpaka tu:

```python
vituo = vituo.to_crs(32736)
mipaka = mipaka.to_crs(32736)
nukta = nukta.to_crs(32736)
ndani = gpd.sjoin(vituo, mipaka, predicate="within")
nje = vituo[~vituo.index.isin(ndani.index)]
karibu = gpd.sjoin_nearest(nje, nukta, how="left",
    max_distance=5000, distance_col="mita")
```

Hesabu safu baada ya kila hatua. Zikiongezeka, mipaka miwili imelaliana, au vijiji viwili viko umbali ule ule na kituo kimeandikwa mara mbili.

5. Kata ndiyo shahidi

Linganisha kata uliyoipata na kata iliyoandikwa na mpimaji, lakini kumbuka historia. Mkoa wa Njombe ulianzishwa 2012, na data hizi bado zinaandika mkoa wa Iringa. Igosi, kata yenye vituo vingi kuliko zote katika data nzima, imo chini ya halmashauri ya Njombe, wakati leo iko Wilaya ya Wanging'ombe. Kutolingana kwa namna hiyo si kosa. Usilinganishe kwa jina peke yake: Mjimwema ipo Njombe mjini na ipo Makambako. Na kwa Wanging'ombe, ondoa kwanza alama ya ritifaa pande zote mbili, maana kuna faili lenye iliyonyooka, lenye iliyopinda na lisilo nayo kabisa.

Ukikabidhi jedwali lako, tafadhali acha ndani yake safuwima mbili: mita, na njia iliyotumika, mpaka au ukaribu. Mhandisi wa maji atakayelisoma ana haki ya kujua ni majina yapi yalipatikana ndani ya mpaka na yapi yamekisiwa.