Kuomba Chumba cha Mkutano Kigali: Somo la Barua Moja

Katika toleo hili tunajifunza kazi inayoonekana ndogo, nayo ni kumwandikia afisa utawala wa ofisi iliyoko Kigali kumwomba chumba cha mkutano. Wakazi wa mpakani hufika mjini kwa gharama kubwa. Atokaye Rusumo huamka alfajiri, akapanda basi na kukaa njiani takriban saa tatu kabla ya kushuka Kigali. Mtu huyo akikuta chumba kimefungwa, au kimekaliwa na wengine, siku yake ya soko imepotea bure.

Tuchukue mfano wa kamati ya wafanyabiashara wadogo wa pande mbili za daraja la Rusumo, upande wa Kirehe nchini Rwanda na upande wa Ngara nchini Tanzania. Wanataka kuonana na maafisa wa forodha na wa polisi walioko Kigali, wazungumze juu ya magendo yanayopita njia za panya na juu ya bidhaa zinazozuiliwa mpakani. Barua yao ya kwanza ilikuwa na sentensi moja tu: "Tunaomba chumba siku ya Alhamisi, watu kama 20, tutaanza saa 3."

Tuisome kwa macho ya anayeipokea. Alhamisi ipi? "Kama 20" ni 18 au 27? Lakini hatari kubwa imo katika "saa 3". Msomaji aliyezoea saa za Kiswahili ataelewa asubuhi. Aliyezoea hesabu ya ofisini ataelewa alasiri, kwa kuwa kwake asubuhi hiyo huandikwa 09:00. Tena liko jambo ambalo sisi wa mpakani tunalijua kuliko watu wa mjini: Rwanda iko nyuma ya Tanzania na Uganda kwa saa moja. Ikiwa saa tatu Ngara, Kigali ni saa mbili. (Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Burundi hawana taabu hii, kwani saa zao ni zile zile za Kigali.) Dawa yake ni kuandika saa kwa namna mbili na kutaja ni saa za wapi: "saa 4:30 asubuhi kwa saa za Kigali, yaani 10:30".

Idadi nayo ihesabiwe kwa viti, si kwa wajumbe. Kamati ina wajumbe 18. Wapo pia maafisa wanne waalikwa, mkalimani mmoja wa Kinyarwanda na Kiswahili, na mwandishi wa kumbukumbu. Jumla ni 24. Wakalimani na waandishi husahauliwa mara nyingi, nao ndio wenye kuhitaji meza. Kisha isemwe watu watakaaje. Chumba kinachoingiza watu 40 waliokaa kwa mistari kama darasani huweza kuwabana watu 24 wakikaa kwa umbo la herufi U, maana nafasi ya katikati huachwa wazi. Kwa mazungumzo ya mkulima na afisa, tunapendelea umbo hilo: watu hutazamana, wala hakuna anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Katika vifaa, kiombwe kile tu kitakachotumika. Watu 24 katika chumba cha wastani hawahitaji kipaza sauti. Wanahitaji projekta ya kuonyesha ramani ya vivuko, ubao wa karatasi kubwa na kalamu zake, na waya wa kurefushia umeme. Hapa pana mtego mwingine. Kompyuta iliyonunuliwa Tanzania huwa na plagi ya pini tatu bapa, ilhali soketi za ukutani Kigali kwa kawaida ni za pini za duara. Bila adapta, kompyuta itazimika katikati ya maelezo. Kamati ibebe yake, na bado iulize kama ofisi inayo.

Muda ndio unaogombanisha watu. Muda wa mkutano si muda wa chumba. Mkutano wetu ni wa saa nne, kuanzia 10:30 hadi 14:30, chakula kikiwamo. Lakini kupanga meza, kujaribu projekta na kuandikisha wanaoingia huchukua saa moja, na kurudisha viti na kufagia huchukua nusu saa. Basi chumba kinahitajika kuanzia 09:30 hadi 15:00, yaani saa tano na nusu. Anayeomba saa nne pekee atakuta kikundi kinachofuata kimesimama mlangoni huku maazimio hayajaandikwa. Wala asiombe kuingia alfajiri: tangu Januari 2023 kazi za ofisi nchini Rwanda huanza rasmi saa 3:00 asubuhi (09:00), na aliye na ufunguo huenda asiwepo kabla ya hapo.

Siku nayo ichaguliwe kwa busara. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na juma linaloanza tarehe 7 Aprili ni la maombolezo ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Siku hizo mikutano ya namna hii haiwekwi.

Sasa barua yenyewe:

"Rusumo, 23 Februari 2026.
Kwa Afisa Utawala.
Ndugu,
YAH: OMBI LA CHUMBA CHA MKUTANO, ALHAMISI 12 MACHI 2026
Kamati yetu inaomba chumba cha watu 24, wakae kwa umbo la herufi U, pamoja na meza ndogo ya mkalimani na mwandishi. Tunaomba projekta, ubao wa karatasi na waya wa kurefushia umeme. Kompyuta tutakuja nayo, pamoja na adapta.
Wenzetu wawili wataingia saa 3:30 asubuhi (09:30) kuandaa. Mkutano utaanza saa 4:30 asubuhi (10:30) na kumalizika saa 8:30 mchana (14:30). Tutakabidhi chumba saa 9:00 alasiri (15:00). Saa zote ni za Kigali.
Orodha ya majina kwa ajili ya walinzi wa lango tumeiambatanisha. Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 4 Machi, likitaja chumba na mtu mwenye ufunguo. Kama siku hiyo haiwezekani, Jumatano tarehe 11 inatufaa pia, kwa saa zile zile.
Wenu, Katibu wa Kamati."

Orodha ile si mapambo. Walinzi wa majengo mengi ya Kigali hukagua mizigo na kuuliza vitambulisho. Majina yakiwa mikononi mwao, watu 24 hupita upesi. Kila mjumbe aje na kitambulisho, na waliovuka mpaka waje na hati waliyovukia. Vitafunwa vifungwe kwenye karatasi au kikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, nayo hukamatwa mpakani.

Barua ikijibiwa kwa mdomo tu, katibu aandike ujumbe mfupi wa simu kurudia aliyoambiwa: chumba, tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Asiposahihishwa, anao ushahidi wa kuonyesha langoni. Siku moja kabla ya safari apige simu tena, na kama idadi imefika 28 aseme hapo hapo, wakati viti vinne bado vinaweza kuletwa.